Kuandika taarifa ya kibarua aliyedhuriwa na dawa ya kupulizia tumbaku: mwongozo kwa mashamba ya Urambo na Kaliua

Kila mwaka, kuanzia Januari, mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, huwa na kazi mbili zinazokwenda pamoja: kuchuma majani ya chini yaliyokomaa na kupuliza dawa dhidi ya vidukari na viwavi kwenye majani ya juu. Kwa hiyo kibarua anayeletwa zahanati akitapika na kuumwa kichwa anaweza kuwa amedhuriwa na dawa, au na nikotini iliyopenya ngozini kutoka kwenye majani mabichi, au ana malaria tu, kwa kuwa msimu huo ndio msimu wa mvua na mbu. Taarifa nyingi nilizowahi kuzisoma zinakufa hapo. Zinasema "alipuliza dawa, akaugua, akapewa matibabu", na anayezipokea wilayani, au Arusha kwenye mamlaka ya viuatilifu, hawezi kujua ni dawa gani, kiasi gani, wala kwa nini tuamini kwamba ni dawa.

Mwongozo huu unamhusu mtu wa kwanza kuandika, awe afisa ugani, mhudumu wa afya wa jamii, karani wa chama cha ushirika au mwenye shamba mwenyewe. Nitalifuata tukio moja ambalo nimelipanga kutokana na mambo yanayojirudia mashambani, bila kutaja jina la mtu wala la shamba. Mgonjwa wetu ni kijana wa miaka 22 aliyetoka Kasulu kuja Urambo kufanya kazi ya msimu. Siku ya Jumatano alipuliza dawa tangu saa 2 asubuhi hadi saa 5, na saa 6 mchana wenzake wakamkuta amekaa chini ya mti kando ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, akitapika.

Kabla ya kushika kalamu

Mtoe mgonjwa shambani, mvue nguo zote alizopulizia, kisha umwoshe kwa sabuni na maji mengi, ukikumbuka nywele, kucha, kwapa na kinena. Kama dawa imeingia machoni, mwagia maji safi kwa dakika 15 bila kukatisha. Anayemwosha avae glavu, au akikosa kabisa afunge mikono kwa mifuko ya nailoni isiyotoboka, kwa sababu dawa iliyo kwenye shati la mgonjwa haimchagui wa kumdhuru. Usimtapishe kwa makusudi: dawa nyingi za maji zina vimiminika vya jamii ya mafuta, na vikipanda na kuteremkia mapafuni hugeuka ugonjwa wa pili. Maziwa, ambayo huku kwetu ndiyo watu huyakimbilia kwanza, hayaondoi sumu iliyokwishaingia kwa njia ya ngozi. Yanachofanya ni kuchelewesha safari ya zahanati. Kama amelegea au fahamu zinapungua, mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe.

Mtu mwingine, wakati huohuo, arudi shambani kuchukua chupa ya dawa. Ifungwe vizuri, iwekwe ndani ya mfuko, na isibebwe kwenye kapu moja na chakula wala kukaa mapajani mwa mgonjwa kwenye pikipiki. Chupa hiyo ni kitu cha kwanza ambacho tabibu atakihitaji na ni kitu cha kwanza ambacho mwandishi wa taarifa atakihitaji, nayo ndiyo hupotea mapema kuliko vyote. Kama haiwezi kubebwa, ipigwe picha pande zote nne, maandishi yakisomeka.

Dawa iliyotumika: nakili lebo, usiandike jina la mtaani

Mashambani dawa huitwa kwa jina la kampuni, kwa rangi ya kifuniko, au kwa kazi yake, "ile ya wadudu". Majina hayo hayatoshi. Kutoka kwenye lebo nakili jina la biashara, jina la kiambato amilifu na nguvu yake, herufi zinazoonyesha aina ya mchanganyiko, namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na rangi ya ule mkanda ulio chini ya lebo. Mkanda mwekundu huonyesha kundi la sumu kali zaidi, wa njano hufuatia, kisha bluu, kisha kijani.

Kwa kijana wetu, lebo ilisomeka `Profenofos 720 g/L EC`, mkanda wa njano. Maneno hayo machache yanasema mengi. Profenofosi ni ya jamii ya ogano-fosfeti, ambazo hukizuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, na kimeng'enya hicho kikizuiwa, neva huendelea kuamuru tezi na misuli bila kukoma. Namba 720 inasema kila lita ya dawa ina gramu 720 za kiambato chenyewe. Herufi EC zinasema kwamba kiambato kimeyeyushwa katika kimiminika cha mafuta, ambacho hupenya ngozi na kitambaa kwa urahisi. Dawa yenye kiambato hichohicho lakini kwa nguvu nyingine au kwa umbo lingine ni bidhaa nyingine kabisa, na taarifa isiyotofautisha haiwezi kumsaidia msajili wa viuatilifu.

Mara nyingine chupa haina lebo, kwa sababu dawa ilimiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ili wakulima wawili wagawane. Hapo usibahatishe. Andika "haina lebo, imemiminwa", eleza rangi na harufu bila kuisogeza puani, kisha uende kwenye ghala la pembejeo la chama cha ushirika au kwenye duka ilikonunuliwa ukanakili lebo ya chupa mama. Uliza pia kama kulikuwa na dawa ya pili ndani ya bomba la kupulizia. Vibarua wengi huchanganya mbili ili kumaliza wadudu kwa mpigo mmoja, nao hawaitaji ya pili mpaka waulizwe.

Kiasi: pima kifuniko, hesabu bomba

Swali "ulitumia dawa kiasi gani?" huzaa jibu la "vifuniko vitatu". Chukua kifuniko chenyewe, ujaze maji, uyavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo duka la dawa halikosi. Kifuniko cha chupa yetu kilichukua mililita 20. Vifuniko vitatu ni mililita 60 kwa bomba la lita 16, wakati lebo ya chupa ile ilielekeza mililita 30. Alitumia mara mbili ya kipimo, na hilo liandikwe wazi, pasipo kumlaumu. Kama kila shamba la jirani linatumia vifuniko vitatu, hiyo ndiyo hali halisi ya matumizi, na mpokeaji anahitaji kuijua kuliko anavyohitaji kusomewa lebo.

Kisha hesabu mabomba. Kijana alisema alipuliza sita, maana yake mililita 360. Lakini chupa ilikuwa mpya, ya mililita 500, imefunguliwa asubuhi ileile, na ilipopimwa ilikuwa imebaki na mililita 80 badala ya 140. Zimekosekana mililita 60, yaani bomba moja zima. Alipoulizwa tena kwa upole akakumbuka bomba la saba, alilomalizia mistari ya karibu na bani wakati kichwa kikiwa kimeshaanza kuuma. Jambo hili si dogo: linaonyesha kwamba dalili zilianza akiwa bado kazini, na kwamba aliendelea kupuliza. Masalia ya chupa ni shahidi asiyesahau, kwa hiyo yapimwe kabla hayajamwagwa au kutumika tena.

Vifaa kinga: andika vilivyovaliwa, vilivyokaaje, na dawa ilipitia wapi

Fomu nyingi zina sehemu ya kuweka alama ya ndiyo au hapana mbele ya neno "vifaa kinga", na hapo ndipo ukweli unapopotea. Kijana wetu angewekewa "ndiyo", kwa kuwa alikuwa na gambuti, barakoa na shati la mikono mirefu. Tuvitazame kimoja kimoja.

Gambuti zilikuwa nzima, lakini suruali ilikuwa imechomekwa ndani yake, na hivyo matone yaliyotiririka kwenye mapaja yaliishia ndani ya buti na kukaa kwenye soksi kwa saa tatu. Suruali ilipaswa kuteremkia nje ya buti. Barakoa ilikuwa ya kitambaa. Hiyo huzuia vumbi, haizuii mvuke, na ikishalowa inakuwa kitambaa chenye dawa kilichofungwa mdomoni. Shati lilikuwa kavu kifuani na limelowa mgongoni na kiunoni. Tulipolijaza bomba maji matupu na kulitikisa, lilivuja kwenye kifuniko, ambako mpira wake ulikuwa umechakaa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika taarifa hii, na fomu ya ndiyo na hapana isingelipata.

Glavu hakuwa nazo kabisa. Hapa mwandishi aulize kuhusu kuchanganya dawa peke yake, mbali na kupuliza, kwa kuwa hatari hizo mbili hazilingani. Mililita 60 zikiwekwa kwenye lita 16 zimezimuliwa takriban mara 267. Kwa hiyo tone moja la dawa isiyochanganywa likidondoka kwenye kidole lina sumu sawa na matone 267 ya maji ya bomba. Kijana alipima dawa mara saba kwa mikono mitupu na kukoroga kwa kijiti kifupi.

Maliza sehemu hii kwa mambo machache yanayoendana nayo: upepo ulivuma upande gani, mimea ilikuwa na kimo gani ukilinganisha na mwili wake, kama alikula au kuvuta sigara katikati ya kazi, na kama shati lile ndilo alilovaa alipopuliza siku za nyuma. Tumbaku ilimfika kifuani, naye alitembea kuelekea mbele kwenye mistari aliyokwisha kuilowesha.

Dalili: andika saa na ulichokiona, usiandike hukumu

Neno "sumu" ni hukumu. Neno "mate yanamtoka bila kukoma tangu saa 6 na robo" ni ushahidi. Andika kila dalili na saa yake, na mbele yake utaje nani aliyeiona, mgonjwa mwenyewe, mwenzake au mganga. Kwa kijana wetu mfululizo ulikuwa hivi: kichwa kuanza kuuma kabla tu ya saa 5, kichefuchefu saa 5 na nusu, kutapika saa 6, mate na jasho jingi muda mfupi baadaye, kuona ukungu saa 7, na saa 8, zahanati, muuguzi aliona mboni zake zimesinyaa na ukope wa kushoto unachezacheza.

Mboni zinastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu mtu yeyote mwenye macho anaweza kuzikagua. Mweke mgonjwa na mtu mzima mwingine mahali pamoja, kwenye kivuli chenye mwanga uleule, ulinganishe. Mboni zilizosinyaa hadi kuwa kama kichwa cha pini, hali za mwenzake zimefunguka, ni alama inayoelekeza kwenye ogano-fosfeti. Usizikague juani, maana huko mboni za kila mtu huwa ndogo. Hesabu pia pumzi kwa dakika nzima, na uangalie misuli ya mashavu ya miguu na ya uso kama inatikisika yenyewe.

Dalili zisizokuwepo nazo ziandikwe: hakuharisha, hakuwa na homa, hakupoteza fahamu. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi. Kingekuwa chanya kingeandikwa vilevile, lakini kisingefuta tukio, maana katika mkoa huu mtu anaweza kuwa na vimelea damuni siku aliyodhuriwa na dawa.

Sasa tuje kwenye nikotini. Ugonjwa wa tumbaku mbichi humpata anayechuma au kubeba majani yenye umande, mvua au jasho, na dalili zake, yaani kutapika, kizunguzungu, kichwa, weupe wa uso na pengine mate na jasho, hutokea saa kadhaa baada ya kazi na mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo muulize mgonjwa alichofanya siku mbili zilizopita, si asubuhi ile tu. Kijana alikuwa amechuma Jumanne asubuhi, baada ya mvua. Wenzake wawili walichuma naye: mmoja alitapika usiku wa Jumanne na kuamka mzima, mwingine hakuona kitu, na wote wawili hawakupuliza Jumatano. Yeye alilala vizuri Jumanne, akaugua akiwa amebeba bomba. Ulinganifu huo wa watu watatu, ulioandikwa kwa sentensi tatu, una uzito kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya jumla.

Bado si uthibitisho. Kipimo kinachotenganisha mambo haya mawili ni cha kolinesterasi kwenye damu, ambayo nikotini haiishushi. Zahanati kwa kawaida haina kipimo hicho, na hata kinapopatikana, matokeo ya mara moja ni magumu kusoma kwa sababu kiwango cha kawaida hutofautiana mtu na mtu. Njia ya kutoka ni kupima tena baada ya wiki kadhaa za kutogusa dawa. Kiwango kikiwa kimepanda sana, basi siku ya tukio kilikuwa kimeshushwa. Kama damu haikuchukuliwa, andika "haikuchukuliwa", na usiache nafasi tupu ambayo msomaji ataijaza mwenyewe.

Matibabu yaandikwe kwa jina na muda, hasa atropini, dawa inayopinga athari za ogano-fosfeti mwilini. Mgonjwa aliyekauka mate na kupumua vizuri baada ya kupewa atropini amekuongezea ushahidi mwingine kwenye taarifa.

Mtembelee tena

Taarifa isifungwe siku ileile. Kwa ogano-fosfeti, kati ya siku ya kwanza na ya nne, mgonjwa anayeonekana kupona anaweza kulegea shingo na misuli ya kupumua. Akishindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, arudishwe haraka kwenye kituo chenye uwezo wa kumsaidia kupumua, ambacho kwa kawaida ni hospitali. Baada ya wiki mbili au tatu uliza kuhusu ganzi na udhaifu wa miguu. Acha mistari mitatu mitupu mwishoni mwa fomu kwa ajili ya ziara hizo, ukiwa umekwisha kuandika tarehe zake.

Mahali pa kuhojia, na jina la nani liandikwe

Vibarua wengi wa msimu hulipwa baada ya tumbaku kuuzwa. Anayehojiwa mbele ya mwenye shamba atasema glavu zilikuwepo, kwa sababu ujira wake wa miezi yote uko mikononi mwa anayesikiliza. Mhoji zahanati au kwa mwenzake wa kwao, na kama Kiha kinamfungua zaidi kuliko Kiswahili, tafuta anayekijua. Usianze na swali la vifaa. Anza na "Pole sana, kijana. Hebu nieleze siku yako tangu ulipoamka", na vifaa vitatokea vyenyewe kwenye masimulizi. Mwenye shamba naye ahojiwe peke yake, kwa heshima ileile, na majibu yake yaandikwe kama yake.

Jina la mgonjwa libaki kwenye daftari la zahanati na kwenye nakala ya madai ya fidia, kwa ridhaa yake. Nakala nyingine zote zitumie namba, umri na jinsi.

Nakala zinakwenda wapi

Hakikisha kwanza kwamba daftari la MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, la wagonjwa wa nje linataja dawa, maana neno "kutapika" peke yake litahesabiwa pamoja na matumbo ya kawaida. Nakala ya pili iende kwa afisa kilimo wa halmashauri, ambaye ataifikisha kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 na yenye makao yake Arusha. Ya tatu ni ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, kwa kuwa bomba linalovuja na ukosefu wa glavu ni masuala ya usalama mahali pa kazi. Ya nne ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambako mwajiri ndiye anayetakiwa kutoa taarifa. Mkulima mdogo ambaye hajajisajili huikwepa hatua hii, na hapo ushahidi wako unaweza kuwa ndio maandishi pekee kwamba kijana yule aliajiriwa.

TPHPA ikipokea matukio yaliyoandikwa hivi inaweza pia kuyatumia chini ya Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Rotterdam, kinachoruhusu nchi inayoendelea kupendekeza mchanganyiko wa kiuatilifu unaodhuru watu katika hali ya matumizi ya kwake uorodheshwe kimataifa. Ndiyo maana `720 g/L EC` iliandikwa yote. Kumbuka mpaka wake: mtu aliyekunywa dawa kwa makusudi haingii kwenye taarifa hii. Huyo aandikwe kwingine, na kwa usiri mkubwa zaidi.

Muhtasari wa tukio letu, jinsi unavyopaswa kukaa juu ya fomu, ulikuwa huu:

"Mwanaume, miaka 22, kibarua wa msimu, tumbaku, Urambo. Alipuliza profenofosi 720 EC, mililita 60 kwa lita 16, mabomba saba kwa masalia ya chupa (mwenyewe alisema sita), saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Hakuchanganya na dawa nyingine. Bomba linavuja kifunikoni, mgongo na kiuno vimelowa. Gambuti nzima, suruali ndani ya buti; barakoa ya kitambaa; hana glavu wala miwani. Kichwa kabla ya saa 5, kutapika saa 6, mate na jasho, kuona ukungu saa 7, mboni ndogo na ukope kuchezacheza saa 8 (muuguzi). Hana homa, malaria hasi. Alichuma majani yenye maji siku iliyotangulia. Wenzake wawili waliochuma bila kupuliza hawakuugua siku hii. Atropini saa 8 na dakika 20, mate yakapungua. Kolinesterasi haikupimwa. Ziara: Alhamisi, shingo imara, Jumamosi, shingo imara, baada ya wiki tatu, bado."